Taazia Iliyosomwa kwa Sauti Kamachumu

Neno moja la Kiarabu, lile la kumliwaza aliyefikwa na mauti nyumbani kwake, liliingia katika Kiswahili likazaa mapacha: tanzia, ambayo ni habari ya kifo itokayo nyumbani kwa mfiwa kwenda kwa watu, na taazia, ambayo ni maneno ya pole yatokayo kwa watu kurejea kwa mfiwa. Mimi niliyezaliwa Pangani, katika nyumba ambayo barua ya taazia ilikuwa haitoki mpaka mzee mmoja aipitie neno kwa neno na kuirudisha kwa mwandishi akiiona imepungua adabu, nilidhani kwa miaka mingi kwamba katika ufundi huo sina wa kunifunza. Na dhana hiyo ilidumu hata nilipohamishiwa kazi Bukoba, mpaka asubuhi ile ambapo dada mmoja, ambaye meza yake ofisini ilikabiliana na yangu, alifiwa na babake huko kwao Kamachumu, wilaya ya Muleba.

Habari ilitufikia alfajiri kwa simu, katika kundi la wafanyakazi, na kabla jua halijapanda wenzangu walikuwa wamekwisha kuandika kila mmoja chake, aghalabu herufi tatu tu, RIP, na picha ya viganja viwili vilivyounganishwa, jambo ambalo mimi, kwa kiburi cha mtu wa pwani anayejiona amerithi lugha pamoja na adabu zake, nililidharau moyoni. Nikaketi, nikaandika, nikafuta, nikaandika tena, na nilipoona maneno yamekaa sawa nikampelekea dada yule peke yake, kwenye simu yake mwenyewe, ujumbe huu:

"Dada yangu mpendwa, nimepokea kwa jitimai kubwa tanzia ya kufariki kwa tata wako. Kazi ya Mola haina makosa. Nakusihi ujikaze, usilie sana, kwani machozi hayamrejeshi aliyekwenda. Wewe ndiye mkubwa, na sasa nguzo ya nyumba ya mzee ni wewe. Nimekutumia ubani kidogo kwa simu. Sipendi kukusumbua katika siku hizi nzito. Matanga yakishaondoka nitakuja kukuhani."

Msomaji wa Tanga au wa Unguja huenda asione ila katika maneno hayo, na kwa hakika kila sentensi ina sababu yake kwetu. Maiti wetu hazikwi kesho ikiwa yawezekana kuzikwa leo. Matanga yetu ni siku tatu, isipokuwa kwa mjane, ambaye eda yake ni miezi minne na siku kumi. Kilio cha sauti hukatazwa na masheikh na subira ndiyo husifiwa, hata mtu akaweza kupimwa imani yake kwa ukavu wa macho yake. Na aliye mbali, ambaye kwa desturi hiyo ya haraka hawezi kamwe kuwahi mazishi, hutuma ubani wake na kuja baadaye, wala halaumiwi. Niliandika, kwa ufupi, taazia ya mtu ambaye anajua kwamba hatakuwapo. Neno la Kihaya nililolitia, tata, nililitia kwa mapenzi, kama mgeni anavyojifunga kitambaa cha wenyeji wake.

Sikujua, kwa kuwa sikuwa nimepata kukaa msibani katika nchi ile, kwamba simu ya mfiwa siku kama hizo haiwi mkononi mwa mwenyewe. Yeye yumo ndani na wanawake wenzake, sakafuni, juu ya nyasi zilizokatwa huko rweya, yaani mbuga wazi iliyo nje ya mashamba, zikatandazwa chumba kizima. Simu iko kwa mdogo wake wa kiume, nje, chini ya turubai, naye kila salamu ikiingia huisoma kwa sauti mbele ya wazee wa ukoo walioketi pale, ili ijulikane nani amesikia na nani anakuja. Salamu yangu ilisomwa yote, tangu mwanzo hata mwisho.

Nilikwenda baada ya majuma mawili. Kutoka Bukoba mjini haisi hushika njia ya kusini, hupita Kemondo penye bandari, hufika Muhutwe, na hapo anayekwenda Kamachumu huacha barabara kuu akapanda mlima mpaka juu uwandani, ambako upepo ni wa baridi na migomba imeshonana hata nyumba huonekana mtu akiwa amekwisha kuifikia. Kaburi la mzee nililiona kabla sijauona mlango. Lilikuwa hatua chache tu kutoka uani, ndani ya kibanja, udongo wake ungali mwekundu, na majani makavu ya migomba yameanza kuanguka juu yake kama yaangukavyo juu ya ardhi nyingine yote ya shamba lile. Sisi wa pwani huwapeleka wafu wetu mavani, mahali pa watu wote, tukarudi nyumbani. Mhaya humlaza babake katika migomba ile ile itakayomlisha mwanawe, na kwa ajili hiyo akiulizwa mtu kwao ni wapi, jawabu lake lina makaburi ndani yake.

Mama mjane alitoka na kikapu kidogo cha buni, zile zinazovunwa mbichi, zikachemshwa pamoja na majani ya viungo, zikakaushwa kwa ajili ya kutafunwa, ambazo mgeni katika nyumba za Buhaya hupewa kabla ya kuulizwa la zaidi. Akanichagulia kwa mkono wake, moja moja, akisema kwa Kiswahili chake cha taratibu kwamba za pembeni mwa kikapu ndizo chungu, nisizichukue. Alipokwisha kurudi ndani, dada yule akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka, akaniambia:

"Kaka, barua yako ilisomwa."

"Na nani?"

"Na mdogo wangu, mbele ya baraza zima. Alipofika kwenye 'tata wako' watoto walicheka, na msiba ungali mbichi hivyo. Hilo halikutuumiza, lilitusaidia. Lile jingine ndilo lililonyamazisha watu."

Nitaanza na la kucheka. Katika Kihaya tata si "baba" tupu kama lilivyo neno letu. Ni "baba yangu", na baba wa mtu mwingine ana neno lake jingine. Nasi tuna kitu cha jamii hiyo tusemapo babangu, babako, babaye, ila kwetu mzizi husalia ukabadilika mkia tu, ilhali kwao umiliki umo ndani ya neno lenyewe na hautoki. Kwa hiyo nilikuwa nimemwandikia mfiwa, kwa sauti ya kilio, kwamba nimesikia kifo cha "babangu wako". Naye, akishusha sauti kwa sababu mamake alikuwa chumba cha pili, akanionya nisije siku nyingine nikajaribu tena kwa upande wa mama, maana neno la Kihaya la "mama yako" ni nyoko, neno safi kabisa kinywani mwa Mhaya mwenye heshima zake, ambalo likitokea katikati ya ujumbe wa Kiswahili ofisi nzima itaapa kwamba nimemtukana mfiwa matusi ya bandarini. Tangu siku hiyo nashika kanuni moja: anayeandika kwa lugha yake aandike kwa lugha yake, na kitu cha kuazima kwa wenyeji kiwe mwenendo wao katika msiba, vipande vya maneno awaachie wenyewe.

Lililonyamazisha baraza lilikuwa ile nguzo. Mimi niliandika "nguzo ya nyumba ya mzee ni wewe" kama mtu asemavyo kwetu kumpa moyo mzaliwa wa kwanza, bila kukusudia neno hata moja juu ya mali. Walakini huko Kamachumu sentensi ile ilisomwa hatua thelathini kutoka kwenye kaburi, mbele ya wazee ambao kazi yao iliyosalia ilikuwa ni hiyo hiyo, kumtaja mrithi mkuu, ambaye Wahaya humwita omusika, siku matanga yatakapomalizwa. Na yule aliyetajwa na barua yangu alikuwa mwanamke, mbele ya ndugu zake wawili wa kiume, mmoja wao ndiye aliyekuwa akisoma.

Jambo hili lina historia ndefu, nami sikuwa na udhuru wa kutoijua. Sheria za mila za urithi zilizoandikwa na kutangazwa na serikali mwaka 1963, katika Tangazo namba 436, ziliwapanga warithi madaraja matatu, la kwanza likiwa la mwana wa kiume mkubwa na la mwisho likiwa la mabinti, ambao waliruhusiwa kuitumia ardhi ya ukoo lakini si kuiuza. Ni katika wilaya hii hii ya Muleba, katika mahakama ya mwanzo ya Kashasha, ilipoanzia kesi ya mwanamke aliyeachiwa shamba na babake kwa wasia, akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo, akashitakiwa na mtoto wa nduguye. Kesi ile ilipanda hata Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akahukumu kwamba mwanamke ana haki ya kuuza ardhi ya ukoo kwa masharti yale yale yanayomhusu mwanamume, kwa kuwa katiba ya nchi imekwisha kukataza ubaguzi. Hukumu hiyo inafundishwa vyuoni mpaka leo. Mezani pa wazee wa ukoo, dada yule aliniambia, haijamaliza kusomwa. Basi mtu wa Pangani, asiyejua lolote, alikuwa amepeleka kwa simu, siku ile ile ya msiba, kauli ambayo masikioni mwa waliokuwapo ilisikika kama ombi la mirathi lililoandikwa na mfiwa na kutiwa kinywani mwa rafiki. Ilimgharimu jioni nzima kueleza kwamba hakuniagiza.

Nilimwomba radhi. Akasema si kitu, kisha akaongeza kwa upole lile ambalo naamini ndilo lililomchoma zaidi, ingawa alilitaja mwisho na kwa maneno machache:

"Na hukuja."

"Niliogopa kukusumbua, dada."

"Msiba unasumbuliwa na nani, kaka? Sisi hatukuwa na kazi nyingine."

Akanieleza jinsi mama jirani anavyofika, akianza kulia tangu huko kwenye migomba kabla hajaonekana, na wale wa ndani wakamwitikia, hata kilio kikawa ndicho hodi yake na ndicho karibu yake. Jinsi wengine wanavyolala pale chini katika nyasi pamoja na wafiwa, usiku baada ya usiku. Na kwamba ile nasaha yangu ya kujikaza na kutolia, iliposomwa, mzee mmoja aliuliza kama mwandishi ana ugomvi na marehemu. Mimi nilikuwa nimehesabu siku tatu na kuzikwepa. Huko siku si tatu wala si hesabu ya mgeni: huamuliwa na ukoo pamoja na kanisa au msikiti wa nyumba hiyo, na zimefupizwa sana tangu zama zile ambapo ukimwi, uliotambuliwa mara ya kwanza nchini mwaka 1983 katika mkoa huu huu wa Kagera, uliwafanya watu watoke kwenye kaburi moja waingie jingine bila kupata nafasi ya kulima.

Kuhusu fedha nilizotuma, zilifika, ila zilifika mahali pasipo pake. Mwaka 2000 mtafiti Joachim De Weerdt alihoji kaya zote 119 za kijiji cha Nyakatoke, huko Bukoba Vijijini, ajue nani humtegemea nani shida ikiingia, na miongoni mwa yale yeye na wenzake waliyoyaeleza kwa kirefu ni vyama vya kuzikana, ambavyo mwanachama wake hutoa fedha kidogo na nguvu zake nyingi. Ndivyo ilivyokuwa Kamachumu: mchango huandikwa na katibu katika daftari, jina kwa jina, na daftari husomwa, na anayeleta ndizi, au anayechota maji, au anayepasua kuni, anahesabiwa sawasawa na mwenye noti. Changu kiliingia kimya katika simu ya dada, hakikuandikwa popote, na siku daftari liliposomwa ofisi yetu ilitajwa watu sita, mimi simo. Wale walioandika herufi tatu, ambao nilikuwa nimewadharau, wote sita walikuwa wamekwenda.

Njiani nikirudi, haisi ikishuka mlima, nilikumbuka jinsi matangazo ya vifo yalivyokuwa yakisomwa zamani katika Radio Tanzania Dar es Salaam, nasi watoto tukiamriwa kunyamaza: nani anasikitika kutangaza kifo cha nani, kilitokea wapi, mazishi yatafanyika wapi na lini, kisha ile kauli ya habari ziwafikie, na mlolongo wa majina, wa Korogwe, wa Moshi, wa Biharamulo. Hapakuwa na neno moja la kupamba huzuni. Palikuwa na watu, mahali na saa, kwa sababu maana yake yote ilikuwa njooni. Nami nikaona kwamba nilikuwa nimeijibu tanzia kwa lugha nyingine: wao walisema njooni, mimi nikajibu kwa mawaidha. Taazia ya kupelekwa Buhaya, kwa kadiri nilivyopata kuielewa, yapasa ijibu kwa sarafu ile ile, yaani nani anakuja, anatoka wapi, atafika lini, na asipoweza, nani anakuja badala yake na ameshika nini. Kisha yaandikwe humo maneno ambayo yakisomwa na mdogo wa kiume mbele ya baraza hayatamwachia mfiwa deni la kueleza.

Mwaka wa pili mama yule wa kikapu cha buni naye akafariki. Mimi nilikuwa Dodoma kwa mafunzo, na mazishi yalikuwa kesho yake, jambo lisilo la kawaida sana kwao, ila ndivyo ukoo ulivyoamua. Niliwapigia kwanza watu watatu wa ofisini, nikapatana nao safari, nikamtumia mhasibu fedha. Hayo yalichukua zaidi ya saa nzima, na hapo tu ndipo nilipoandika:

"Dada, tumefiwa na mama. Habari imenikuta Dodoma saa mbili usiku, mazishi ya kesho sitayawahi. Mhasibu na dada wawili wa masjala wanaondoka Bukoba saa kumi na mbili asubuhi kwa njia ya Muhutwe, watafika kabla ya ibada. Wao ndio mimi. Rambirambi yangu wanayo mkononi, wataiandikisha kwa katibu. Mimi nitafika Jumamosi jioni, nilale. Mama alinichagulia buni kwa mkono wake, akanikataza zile chungu. Poleni nyote wa nyumba hiyo na ukoo mzima."

Niliposoma tena niliona hamna ndani yake jitimai, wala Mola, wala subira, na mzee wetu wa Pangani bila shaka angeirudisha. Neno mama nililiacha katika Kiswahili, bila wako wala yangu. Tumefiwa nililiweka mbele kwa sababu ni kitenzi ambacho lugha zetu hizi zinacho na ambacho kinaturuhusu kufiwa pamoja, nami nilikuwa nimekwisha kula katika kikapu chake.

Jawabu lilikuja usiku huo huo, si la dada bali la mdogo wake, mshika simu.

"Imesomwa," aliandika. "Jumamosi usipande huku kwa bodaboda, mvua imenyesha na mlima unateleza. Shuka Muhutwe utupigie, kuna mtu atakushukia."